Jinsi ya Kukokotoa Riba na Adhabu ya Kodi Iliyochelewa: Riba Sahili na Riba Limbikizi kwa Miezi Kadhaa

Walipakodi wengi hufanya hesabu ya deni lao nyumbani, hupata jumla fulani, kisha wakifika kulipa hukuta mamlaka ya kodi inadai kiasi kingine. Wengi huhitimisha mara moja kwamba wametozwa riba juu ya riba. Mara nyingi sababu haiko huko. Deni likiwa la miezi michache tu, kinachoharibu hesabu zaidi ni namna miezi ilivyohesabiwa na namna malipo ya sehemu yalivyogawanywa. Mwongozo huu unafuata deni moja kuanzia tarehe ya mwisho ya kulipa hadi siku linapomalizwa, kwa njia zote mbili za riba, ili msomaji aone kila tofauti inatoka wapi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tarehe ya mwisho ya kulipa kodi hiyo. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani wakati mwingine huwa nyingine.
- Kiasi cha kodi ya msingi ambacho hakikulipwa, kabla ya kuongezwa riba au adhabu yoyote.
- Stakabadhi za malipo yote yaliyofanyika baada ya tarehe hiyo, zikionyesha siku fedha zilipopokelewa.
- Kifungu cha sheria kinachotaja kiwango cha riba, kiwango cha adhabu, na mpangilio wa kugawa malipo.
- Taarifa ya akaunti yako ya kodi, au hati ya madai, kwa ajili ya kulinganisha mwishoni.
- Kikokotoo au jedwali la kompyuta.

Mfano tutakaoutumia ni wa kubuni, na kiasi chake hakina jina la sarafu. Kodi ya 240,000 ilitakiwa kulipwa ifikapo tarehe 20 Februari. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi au sehemu ya mwezi, na adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya kodi, inayotozwa mara moja. Deni linamalizwa tarehe 12 Agosti mwaka huohuo.

## Hatua ya 1: Tenganisha kodi, adhabu na riba

Andika safu tatu: kodi ya msingi, adhabu na riba. Usizijumlishe mpaka hatua ya mwisho. Sababu ni kwamba kila moja ina kanuni yake: adhabu hutozwa kwa sababu ya kosa, ilhali riba hutozwa kwa sababu ya muda ambao fedha zimekaa mikononi mwa mlipakodi. Ukizichanganya mapema, utajikuta unatoza riba juu ya adhabu hata pale ambapo sheria haisemi hivyo.

Katika mfano wetu adhabu ni asilimia 5 ya 240,000, yaani 12,000. Kiasi hicho hakibadiliki iwe umechelewa wiki moja au miezi sita. Zipo sheria zinazotoza adhabu kwa kila mwezi, na nyingine zinazochagua kikubwa kati ya asilimia fulani na kiasi kilichopangwa, kwa hiyo soma kifungu chenyewe badala ya kukisia.

Tahadhari: Adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ritani ni kosa jingine. Mtu aliyewasilisha ritani kwa wakati lakini hakulipa hudaiwa adhabu ya malipo peke yake, na aliyechelewa yote mawili anaweza kudaiwa zote mbili. Ukiona adhabu mbili katika taarifa yako, angalia kwanza majina yake kabla ya kulalamika kwamba umetozwa mara mbili.

Utajua umefaulu ukiwa na 240,000 katika safu ya kodi, 12,000 katika safu ya adhabu, na safu ya riba ikiwa bado tupu.

## Hatua ya 2: Hesabu miezi kwa kufuata tarehe

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huona Februari hadi Agosti, hutoa 2 kwenye 8, na kupata 6. Safari hii jibu hilo ni sahihi, lakini ni kwa bahati tu, kwa sababu mwezi wa riba haufuati mwezi wa kalenda. Huanza siku inayofuata tarehe ya mwisho ya kulipa na kuishia tarehe kama hiyo ya mwezi unaofuata.

Kwa deni letu, mwezi wa kwanza wa riba ni tarehe 21 Februari hadi 20 Machi. Wa pili unaishia 20 Aprili, wa tatu 20 Mei, wa nne 20 Juni, wa tano 20 Julai, na wa sita 20 Agosti. Tarehe 12 Agosti imo ndani ya mwezi wa sita. Kwa kuwa sheria inasema «mwezi au sehemu ya mwezi», siku hizo 23 za mwezi wa sita zinahesabiwa kuwa mwezi mzima.

Hii ina maana kwamba kulipa tarehe 12 au tarehe 20 Agosti kunagharimu riba ileile, ila kulipa tarehe 21 Agosti kunaongeza mwezi wa saba. Kwa riba sahili, siku hiyo moja inaongeza 4,800. Ikumbuke namba hii, maana tutaipima na nyingine katika hatua ya 5.

Tahadhari: Ikiwa sheria yako inahesabu riba kwa siku, kanuni ya sehemu ya mwezi haitumiki. Kwa mwaka wa siku 365, kuna siku 173 kuanzia 21 Februari hadi 12 Agosti. Kwa asilimia 24 kwa mwaka, riba sahili ya siku hizo ni 27,300.82, wakati hesabu ya miezi sita kamili inatoa 28,800.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika tarehe ya kuanza na ya kuisha ya kila mwezi wa riba bila pengo na bila siku kurudiwa.

## Hatua ya 3: Tambua sheria inataka riba ya aina gani

Riba sahili hutozwa juu ya kodi ya msingi peke yake kila mwezi. Riba limbikizi huongezwa kwenye deni mwisho wa kila kipindi, na kipindi kinachofuata hutozwa juu ya jumla hiyo mpya. Mlipakodi hachagui mojawapo, wala afisa hachagui. Sheria ndiyo inayoamua, na nchi hutofautiana. Sheria ya Kenya ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 imeweka asilimia 1 kwa mwezi au sehemu ya mwezi na kutamka kwamba riba hiyo ni sahili, wakati sheria ya Tanzania ya usimamizi wa kodi, ambayo nayo ni ya mwaka 2015, inataka riba ilimbikizwe kila mwezi. Marekani hulimbikiza riba ya kodi ya serikali kuu kila siku.

Kwa hiyo tafuta mambo mawili katika kifungu: kama kuna neno linalosema riba inalimbikizwa, na kama inalimbikizwa, ni kwa kipindi gani. Kiwango kilichotajwa kwa mwaka hugawanywa kwa 12 pale tu sheria inaposema kipindi ni mwezi.

Angalia pia kama kuna ukomo. Sheria hiyo ya Kenya, kwa mfano, hairuhusu riba kuzidi kodi ya msingi. Ukomo wa namna hii hauna kazi katika deni la miezi sita, ila huokoa sana deni lililosahauliwa kwa miaka. Kwa kiwango chetu cha asilimia 2, riba sahili ingelingana na kodi baada ya miezi 50, ilhali riba limbikizi ingeipita kodi katika mwezi wa 36.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja inayotaja kiwango, kipindi, aina ya riba na ukomo, kwa mfano: «asilimia 2 kwa mwezi au sehemu yake, sahili, isizidi kodi ya msingi».

## Hatua ya 4: Kokotoa riba sahili

Zidisha kodi, kiwango na idadi ya miezi. Asilimia 2 ya 240,000 ni 4,800 kwa mwezi, na kwa miezi sita riba inakuwa 28,800. Kama hakuna malipo ya sehemu, deni lote tarehe 12 Agosti ni 240,000 ya kodi, 12,000 ya adhabu na 28,800 ya riba, jumla 280,800.

Katika jedwali la kompyuta, weka kodi kwenye B1, kiwango kwenye B2 kikiwa 0.02, na miezi kwenye B3, kisha andika:

```
=B1*B2*B3
```

Tahadhari: Ukiandika 2 badala ya 0.02, jibu litakuwa mara mia zaidi. Kosa hilo huonekana upesi. Baya zaidi ni kuweka 252,000 kwenye B1 kwa sababu adhabu imekwisha kujumlishwa, maana jibu litakuwa 30,240, namba inayofanana mno na ile ya riba limbikizi utakayoiona hapa chini. Nimeona watu wakibishana kwa muda mrefu kuhusu riba juu ya riba, kumbe mmoja wao alikuwa ametoza riba juu ya adhabu.

Utajua umefaulu ikiwa riba ya kila mwezi ni ileile 4,800 bila kubadilika.

## Hatua ya 5: Kokotoa riba limbikizi mwezi kwa mwezi

Mara ya kwanza usitumie kanuni ya mkato. Pita mwezi kwa mwezi, kwa sababu orodha hii utaihitaji wakati wa kulinganisha na taarifa ya mamlaka.

| Mwezi wa riba | Deni mwanzoni | Riba ya mwezi | Deni mwishoni |
|---|---|---|---|
| 1 | 240,000.00 | 4,800.00 | 244,800.00 |
| 2 | 244,800.00 | 4,896.00 | 249,696.00 |
| 3 | 249,696.00 | 4,993.92 | 254,689.92 |
| 4 | 254,689.92 | 5,093.80 | 259,783.72 |
| 5 | 259,783.72 | 5,195.67 | 264,979.39 |
| 6 | 264,979.39 | 5,299.59 | 270,278.98 |

Riba ya miezi sita ni 30,278.98. Ukitaka kuhakiki kwa kanuni ya mkato:

```
=B1*(1+B2)^B3-B1
```

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni 1,478.98 tu. Sasa irudie ile namba ya hatua ya 2: kuchelewa siku moja, kutoka 20 hadi 21 Agosti, kunagharimu 4,800 kwa riba sahili. Siku moja imegharimu zaidi ya mara tatu ya kile ambacho ulimbikizaji umeongeza kwa miezi yote sita. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mwenye deni la miezi michache ahangaike na tarehe kwanza.

Mambo hubadilika deni likizeeka. Kwa miezi 12, riba sahili ni 57,600 na limbikizi ni 64,378.03, tofauti ya 6,778.03. Kwa miezi 24, riba sahili ni 115,200 na limbikizi ni 146,024.94, na tofauti imefika 30,824.94. Miezi imeongezeka maradufu, lakini tofauti imeongezeka zaidi ya mara nne. Sababu ni kwamba kila riba mpya inazaa riba yake katika miezi yote inayobaki, hivyo miezi ya mwanzo huwa na muda mrefu zaidi wa kuzaa.

Tahadhari: Usikadirie riba ya kila mwezi hadi namba nzima kabla ya kufika mwisho, isipokuwa sheria inataka hivyo. Makadirio madogo ya kila mwezi hujikusanya na kukupa jibu ambalo halilingani na la mamlaka kwa kiasi kidogo kinachosumbua.

Utajua umefaulu ikiwa riba ya mwezi wowote, ukiigawa kwa riba ya mwezi uliotangulia, inatoa 1.02.

## Hatua ya 6: Ingiza malipo ya sehemu

Tuseme mlipakodi alilipa 90,000 tarehe 5 Mei. Tarehe hiyo imo katika mwezi wa tatu wa riba. Katika mfano huu, mwezi huo ulikwisha kuanza deni likiwa zima, kwa hiyo unatozwa juu ya deni zima, na malipo yanaanza kupunguza riba kuanzia mwezi wa nne. Kwa hiyo, kama fedha zipo, kulipa tarehe 20 Aprili badala ya 5 Mei kungeokoa mwezi mmoja wa riba juu ya 90,000, yaani 1,800.

Swali kubwa ni hili: 90,000 inalipa nini kwanza?

Kodi kwanza, kwa riba sahili. Kodi inashuka hadi 150,000. Miezi mitatu ya kwanza ina riba ya 4,800 kila mmoja, jumla 14,400. Miezi mitatu inayofuata ina riba ya 3,000 kila mmoja, jumla 9,000. Tarehe 12 Agosti kinachobaki kulipwa ni 150,000 ya kodi, 23,400 ya riba na 12,000 ya adhabu, jumla 185,400.

Adhabu na riba kwanza, kwa riba sahili. Kati ya 90,000, adhabu inachukua 12,000 na riba ya miezi mitatu inachukua 14,400. Inabaki 63,600 ya kupunguza kodi, ambayo inashuka hadi 176,400. Riba ya miezi mitatu inayofuata ni 3,528 kwa mwezi, jumla 10,584. Tarehe 12 Agosti kinabaki 186,984.

Riba limbikizi, adhabu ikilipwa mwisho. Deni la kodi na riba mwishoni mwa mwezi wa tatu ni 254,689.92. Ukitoa 90,000 linabaki 164,689.92, ambalo kwa miezi mitatu mingine linafika 174,770.26. Ukiongeza adhabu ya 12,000, jumla ni 186,770.26.

Tazama namba ya pili na ya tatu. Riba sahili, malipo yakigawanywa kwa adhabu na riba kwanza, imekuwa ghali kuliko riba limbikizi ambamo adhabu ililipwa mwisho. Mpangilio wa kugawa malipo umeshinda aina ya riba. Katika riba limbikizi, kupanga kodi au riba kwanza hakubadilishi jumla, kwa sababu vyote viwili vimekwisha kuunganishwa katika deni moja linalotozwa. Kinachobadilisha ni adhabu tu: ikilipwa kwanza kutoka katika ile 90,000, jumla inapanda hadi 187,504.76.

Tahadhari: Mpangilio huu haupangwi na maneno uliyoyaandika benki wakati wa kulipa. Zipo sheria zinazoelekeza kodi kwanza na zipo zinazoelekeza vinginevyo. Pia hakikisha malipo yameandikwa kwa aina ya kodi na kipindi sahihi, kwa kuwa fedha zilizoingia katika kipindi kingine hazizuii riba ya kipindi hiki hata kama ziko katika akaunti yako mwenyewe.

Utajua umefaulu ikiwa kila sehemu ya 90,000 ina mahali pake na jumla ya sehemu zote inarudi kuwa 90,000.

## Hatua ya 7: Linganisha na taarifa ya mamlaka

Usilinganishe jumla kwa jumla, maana jumla mbili zinaweza kutofautiana kwa sababu tatu kwa pamoja. Anza na riba ya mwezi wa kwanza. Ikiwa taarifa inaonyesha 4,800, kianzio ni sahihi. Ikiwa inaonyesha 5,040, riba imetozwa juu ya 252,000, yaani kodi pamoja na adhabu, na hapo utafute kifungu kinachoruhusu jambo hilo.

Kisha tazama mwezi wa pili. Ukiwa 4,800, riba ni sahili. Ukiwa 4,896, riba ni limbikizi. Baada ya hapo hesabu mistari ya riba. Kama ni saba badala ya sita, huenda malipo yako yamepokelewa baada ya tarehe 20 Agosti, na stakabadhi ya benki ndiyo itakayoamua. Mwisho, angalia ni mwezi gani riba iliposhuka. Ikiwa ilishuka hadi 3,000, malipo yalipunguza kodi kwanza, na ikiwa ilishuka hadi 3,528, yalilipa adhabu na riba kwanza.

Ukiona kosa, andika pingamizi au barua ya kuomba marekebisho ukitaja mstari mmoja mahususi, tarehe yake, kiasi kilichoandikwa na kiasi unachoamini ni sahihi, na uambatishe stakabadhi. Barua inayosema tu kwamba riba ni kubwa mno haimpi afisa chochote cha kusahihisha.

Tahadhari: Usingoje jibu ndipo ulipe. Katika mfano huu, anayebishania riba peke yake bado anadaiwa kodi ya msingi ya 150,000 au zaidi, na pingamizi kwa kawaida halisimamishi riba ya kiasi ambacho hakibishaniwi. Lipa kodi hiyo kabla ya mwezi wa riba kuisha, uache kiasi chenye mgogoro peke yake. Ukiomba kulipa kwa awamu, uliza wazi kama riba inaendelea wakati wa awamu, na upange kila awamu iingie tarehe 20 au kabla, kwa sababu awamu inayofika tarehe 21 inahesabiwa katika mwezi mwingine.